Mvutano kwenye kamba nzito inayoning'inia kwenye boriti: mwongozo kamili wa kuupima na kuukokotoa

Swali lenyewe ni fupi. Kamba nzito, nene sawasawa toka mwanzo hadi mwisho, imefungwa kwenye boriti na kuachwa ining'inie. Mvutano ni kiasi gani juu kabisa, katikati, na karibu na ncha ya chini?

Majibu yanayokosewa ni yale yale kila mara. Wa kwanza anaandika uzito wote wa kamba kila mahali. Wa pili anasema mvutano ni mkubwa chini, kwa kuwa "kamba yote ya juu inalemea pale". Wa tatu anajua kanuni lakini anapima umbali kuanzia boritini wakati kanuni inataka uanzie chini, basi jibu lake linatoka kinyume.

Maelezo ya ubaoni huwa hayamtoi mtu hapo. Anayetoka ni yule aliyeshika kamba, akaingiza mizani katikati yake na kusoma. Kwa hiyo huu ni mwongozo wa kufanya kwanza, hesabu zinafuata. Vifaa vyote vinapatikana kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi Mwanjelwa jijini Mbeya, Iringa mjini, Njombe au Makambako, isipokuwa mizani ya springi, ambayo utaiazima maabara ya shule.

## Vifaa

- Kamba ya katani yenye unene wa milimita 32, mita 2 na ushee. Hii ina uzani wa karibu kilo 0.7 kwa kila mita. Kamba nyembamba haifai, na sababu utaiona mwishoni.
- Mizani ya springi ya 0 hadi 20 N, yenye vigawanyo vya 0.2 N. Moja inatosha.
- Mizani ya jikoni au ya duka inayosoma gramu.
- Baindingi waya wa milimita 1.6, ule wa kufungia nondo, mita 6.
- Nondo ya milimita 6, sentimita 70, ya kutengenezea ndoano tano za umbo la S.
- Plaizi, bisibisi, msumeno wa chuma, kisu kikali, tepu ya umeme, tepu ya kupimia na maka peni.
- Chupa ya maji ya nusu lita pamoja na uzi.
- Boriti imara iliyo mita 3 au zaidi kutoka sakafuni, na stuli ya kusimamia.

Kamba na mzigo wake havifiki kilo 2 na nusu, kwa hiyo boriti yoyote nzima itabeba. Hata hivyo igonge kwanza. Mbao za paini zisizotiwa dawa huliwa na mchwa kwa ndani huku nje zikionekana nzima, na boriti iliyoliwa hulia pwa-pwa kama boksi tupu.

## Hatua ya 1: Kausha kamba

Katani hunywa maji. Kamba iliyolala nje usiku mmoja wa ukungu Njombe au mvua za Tukuyu si kamba ile ile uliyoinunua. Tatizo si kuongezeka uzito tu. Kamba iliyolowa ikining'inia, maji hushuka taratibu hadi ncha ya chini, basi sehemu ya chini inakuwa nzito kuliko ya juu. Hapo umepoteza lile sharti ambalo hesabu yote inalitegemea, kwamba kila mita ya kamba ina uzito sawa na mita nyingine.

Itandaze ndani ya chumba chenye hewa kwa siku mbili, isiwe imeviringishwa, maana kiini cha viringisho hakikauki. Usiiweke karibu na jiko la mkaa.

*Utajua iko tayari* ukiipima asubuhi na jioni na mizani ya jikoni ikasoma namba ile ile.

## Hatua ya 2: Pima kamba nzima kabla ya kuikata

Pima mita 2 kamili na uweke alama. Zungushia tepu ya umeme pande mbili za alama, kisha kata katikati ya tepu. Bila tepu, zile nyuzi tatu kubwa zilizosokotwa zitafumuka mara tu kisu kikipita.

Weka kipande hicho cha mita 2 kwenye mizani ya jikoni. Katika mfano tutakaoufuata, kinasoma kilo 1.40. Gawanya kwa urefu:

1.40 kg ÷ 2 m = 0.70 kg kwa mita

Andika namba hiyo, tutairudia. Na uandike pia uzito wa kamba nzima kwa nyutoni. Nguvu ya uvutano ya dunia tutaichukua kuwa 9.8 N kwa kilo. (Mbeya mjini, kwenye mwinuko wa kama mita 1,700, thamani halisi ni karibu 9.78. Mizani yako haiwezi kuona tofauti hiyo, basi isikusumbue.)

1.40 × 9.8 = 13.7 N

Hili kosa limewaponza wengi: kilo 1.40 ni tungamo, na 13.7 N ni uzito. Mvutano ni nguvu, hupimwa kwa nyutoni. Ukiandika "mvutano ni kilo 1.4" umekosa alama hata kama wazo lako ni sahihi.

## Hatua ya 3: Kata vipande vinne na uvivalishe vitanzi

Gawa mita 2 katika vipande vinne vya sentimita 50. Zungushia tepu kila unapokata, kama awali.

Kwa nini tukate? Kwa sababu mvutano umo ndani ya kamba, na mizani haiwezi kuusoma kutoka pembeni. Lazima mizani ishike nafasi ya sehemu ya kamba, nguvu ipite ndani yake. Unaweza kuwaza kufunga mizani pembeni ya kamba nzima na kulegeza kamba kidogo, lakini katani ya milimita 32 ni ngumu, ikikunjwa inasukuma kama springi na kuharibu usomaji.

Sasa vitanzi. Usipige fundo. Fundo kwenye kamba nene hula sentimita 30 kila upande na kurundika uzito mahali pamoja. Fanya hivi:

Kata waya wa sentimita 60 na uukunje mara mbili. Fungua zile nyuzi tatu za kamba kwa bisibisi, sentimita 4 kutoka nchani, upitishe waya katikati yake. Zungusha ncha za waya mara mbili kuizunguka kamba, zirudishe juu, kisha zisokote kwa plaizi mpaka zibane. Acha kitanzi kinachotosha kidole kimoja, na ncha kali zikunje ndani, maana hizi hukata mikono ya wengi kuliko kisu. Kila kipande kina vitanzi viwili, jumla vinane.

Ndoano: kata nondo vipande vitano vya sentimita 13 hadi 14, kila kimoja ukikunje kuwa S. Ndoano nne zitavaliwa na vipande vinne, kila kipande kikivaa yake kwenye kitanzi cha chini. Ya tano hufungwa boritini kwa waya.

Pima kila kipande kikiwa kimevaa vitanzi vyake viwili na ndoano yake moja. Kamba yenyewe ni kilo 0.35, vitanzi viwili gramu 20, ndoano gramu 30. Jumla kilo 0.40. Hesabu hizi hutokea karibu hivi hivi ukitumia vipimo vya waya na nondo vilivyotajwa, lakini amini mizani yako kuliko namba za hapa.

*Mafanikio hapa* ni vipande vyote vinne kutofautiana kwa si zaidi ya gramu 5. Kilichopungua, kiongezee kipande cha waya. Usipuuze hili. Kipande kimoja kikiwa na gramu 40 zaidi, grafu yako itavunjika mahali pamoja na utatumia saa nzima kutafuta kosa.

Vipe namba kwa maka peni, 1 kiwe cha chini kabisa, 4 kiwe cha juu. Namba zinaanzia chini kwa makusudi.

## Hatua ya 4: Andaa mizani

Ishike wima, ndoano yake ikitazama chini, bila kitu. Mshale lazima uwe kwenye sifuri. Kama hauko, zungusha skrubu ya juu mpaka ufike. Kama mizani yako haina skrubu, andika tofauti hiyo na uitoe kwenye kila usomaji.

Mizani ya springi ina upande wa juu na wa chini. Ikining'inia ndoano chini, inasoma nguvu inayoivuta ndoano tu. Ukiigeuza, mwili wake wenyewe unaingia kwenye usomaji. Mwili ukiwa na gramu 120, kila usomaji utazidi kwa karibu 1.2 N.

Kwa sababu hiyo pia tunatumia mizani moja na kuihamisha, hata kama maabara ina nne. Ukipachika mizani nne kwa wakati mmoja, ile ya juu itakuwa imebeba kamba pamoja na mizani tatu zilizo chini yake.

## Hatua ya 5: Andika utabiri kabla ya kupima

Ning'iniza vipande vyote vinne, 4 kwenye ndoano ya boriti, 3 kwenye ndoano ya 4, na kuendelea hadi 1. Kabla ya kuingiza mizani, kila mtu aandike anategemea mizani isome nini sehemu nne: kati ya 1 na 2, kati ya 2 na 3, kati ya 3 na 4, na kati ya 4 na boriti.

Kwa anayeamini kwamba juu kunailemea sehemu ya chini, mfanyishe jambo hili dogo. Ashike kipande namba 1 kwa mkono wa kushoto kwenye kitanzi chake cha juu, kisha akiondoe kwenye ndoano ya kipande namba 2 kwa mkono wa kulia. Kilichobaki mkononi mwake ni kipande kimoja. Vile vitatu vya juu havikuanguka wala kumlemea, vimebaki boritini vinatikisika kidogo. Mkono wake sasa unafanya kazi iliyokuwa ikifanywa na ndoano ile, nao unabeba kipande kimoja tu. Kamba haiwezi kusukuma chini. Ukijaribu kuisukuma inakunjika. Inachoweza ni kuvuta, na sehemu yoyote ya kamba huvuta juu kile tu kinachoning'inia chini yake.

Hilo ndilo wazo zima. Mengine yote katika ukurasa huu ni kulihesabu.

## Hatua ya 6: Pima, ukianzia chini

1. Inua kipande namba 1, ingiza mizani kati yake na namba 2: pete ya mizani kwenye ndoano ya kipande 2, kitanzi cha kipande 1 kwenye ndoano ya mizani.

2. Angalia ncha ya chini. Mizani ina urefu wa karibu sentimita 25, kwa hiyo kamba yote imeshuka kwa kiasi hicho. Kamba iliyokuwa hewani kabla ya mizani inaweza sasa kuwa inagusa sakafu, na sakafu ikaanza kubeba sehemu ya uzito bila wewe kujua. Pitisha karatasi chini ya ndoano ya mwisho. Ikipita bila kukwaruza, uko salama.

3. Tuliza kamba kwa vidole, kisha achia. Kamba inayobembea hubadilisha mvutano: ikipita katikati mshale unapanda, ikifika pembeni unashuka. Subiri mpaka mshale usimame.

4. Gonga mwili wa mizani taratibu kwa ukucha mara mbili. Springi nyingi za maabara zinakwama kidogo kwa kutu au vumbi, na ukigonga mshale unasogea mahali pake.

5. Soma jicho likiwa usawa wa mshale. Kwa sehemu za juu panda kwenye stuli. Ukisoma kutoka chini unaweza kukosea kigawanyo kizima.

6. Toa mizani, unganisha tena, hamia kati ya 2 na 3, na kuendelea hadi boritini.

Kwa kamba ya mfano wetu, kila kipande kina uzito wa 0.40 × 9.8 = 3.92 N, basi usomaji unatakiwa uwe hivi:

| Mahali pa mizani | Urefu wa kamba iliyo chini | Mvutano |
|---|---|---|
| ncha ya chini | 0 m | 0 N |
| kati ya 1 na 2 | 0.5 m | 3.9 N |
| kati ya 2 na 3 | 1.0 m | 7.8 N |
| kati ya 3 na 4 | 1.5 m | 11.8 N |
| kati ya 4 na boriti | 2.0 m | 15.7 N |

Tofauti ya 0.2 N huku na huku ni ya kawaida kwa mizani hii.

Zingatia safu ya katikati. Ni urefu wa *kamba*, si kimo kutoka sakafuni. Vitanzi na ndoano vimeongeza sentimita kadhaa kila kiungo, na ukipima kwa tepu kutoka sakafuni utapata urefu usio wa kamba.

## Hatua ya 7: Chora grafu na uisome

Mhimili wa mlalo weka urefu wa kamba iliyo chini, uite *y*. Mhimili wa wima weka mvutano, *T*. Weka nukta tano, pamoja na ile ya sifuri.

*Ukifanikiwa*, nukta zitakaa kwenye mstari mnyoofu unaopita kwenye sifuri. Mteremko wake ni 15.7 ÷ 2.0, yaani karibu 7.8 N kwa mita. Hiyo ni tungamo ya kila mita ya kamba iliyovaa vyuma, kilo 0.80, mara 9.8.

Grafu ikikataa kunyooka, au ikanyooka bila kupita sifuri, yenyewe itakuambia kosa liko wapi:

Mstari mnyoofu, lakini umepanda juu ya sifuri. Kila usomaji umezidi kwa kiasi kile kile. Mizani iligeuzwa juu chini, au haikuanzia sifuri.

Mstari mnyoofu, lakini uko chini ya sifuri. Karibu kila mara ncha inagusa sakafu. Sakafu ikibeba 1 N, nyutoni hiyo moja hupungua kila mahali hadi boritini.

Mstari unapanda haraka mwanzoni, halafu unalala. Vipande vya chini ni vizito kuliko vya juu. Kama ulivisawazisha kwenye hatua ya 3, basi kamba ililowa baadaye na maji yameshuka. Ikaushe na urudie.

Nukta moja peke yake iko nje. Rudia usomaji huo kabla ya kushuku kamba. Mara nyingi ni jicho lililosoma kutoka chini, au mizani iliyolalia boriti upande mmoja.

## Je, kamba isiyokatwa ni hivyo hivyo?

Hili ni pingamizi la haki, na kila kundi lina mtu mmoja anayeliuliza: "Umepima vipande vilivyounganishwa kwa chuma. Kamba nzima umeijuaje?"

Toa vyuma kwenye hesabu. Kila kipande kilivaa gramu 50 za waya na ndoano, vipande vinne gramu 200, sawa na 1.96 N. Usomaji wa boritini ulikuwa 15.7. Ukitoa 1.96 unabaki na 13.7 N, uzito ule ule wa kamba nzima ulioandika kwenye hatua ya 2, kabla kisu hakijaigusa.

Fanya hivyo katikati. Chini ya kiungo cha kati kulikuwa na vipande viwili vyenye gramu 100 za vyuma, sawa na 0.98 N. Basi 7.84 − 0.98 = 6.86 N, ambayo ni nusu kamili ya 13.72. Katikati ya kamba nzima kuna nusu ya mvutano wa juu, kwa sababu chini yake imebaki nusu ya kamba.

Kisu hakikubadilisha kitu maana kamba imetulia. Nusu ya chini haipandi wala haishuki, kwa hiyo kinachoivuta juu lazima kilingane na uzito wake, iwe ni ndoano ya nondo au ni nyuzi za katani zenyewe.

## Hatua ya 8: Ongeza mzigo

Jaza maji kwenye chupa mpaka chupa, maji na uzi vifike kilo 0.40. Ining'inize kwenye ndoano ya kipande namba 1 na upime tena sehemu zile zile. Juu kabisa utasoma karibu 19.6 N, na mizani inaishia 20. Achia taratibu. Ukiachia ghafla springi itavutika kupita kiasi na haitarudi sifuri tena.

Sasa usomaji ni 7.8, 11.8, 15.7 na 19.6, na penye chupa yenyewe ni 3.9. Kila namba ya awali imeongezeka kwa 3.9. Mstari umepanda wote bila kubadilisha mteremko. Mzigo wa chini hubebwa kikamilifu na kila sehemu ya kamba, lakini uzito wa kamba hubebwa kidogo kidogo, kila sehemu ikibeba ile iliyo chini yake. Ndiyo maana kanuni ina sehemu mbili:

```
T = W + k × 9.8 × y
```

Hapa *W* ni uzito wa mzigo kwa nyutoni, *k* ni tungamo ya mita moja ya kamba kwa kilo, na *y* ni urefu wa kamba iliyo chini ya mahali unapouliza, kwa mita. Hakuna mzigo? W ni sifuri.

## Swali la mtihani, hatua kwa hatua

Kamba ya mita 5 yenye tungamo ya kilo 6 inaning'inia kwenye boriti, na chini yake kuna mzigo wa kilo 20. Tafuta mvutano mita 2 kutoka boritini.

Chora kamba. Weka alama mita 2 kutoka juu. Sasa funika kwa kiganja sehemu yote iliyo *juu* ya alama. Kinachoonekana ndicho unachokihesabu: mita 3 za kamba na mzigo.

Mita moja ina 6 ÷ 5 = kilo 1.2. Mita 3 zina kilo 3.6. Ongeza mzigo, kilo 23.6.

T = 23.6 × 9.8 = 231 N

Aliyetumia 2 badala ya 3 atapata 22.4 × 9.8 = 220 N, na halionekani kuwa la ajabu hata kidogo. Kosa hili ni baya kwa sababu jibu lake linafanana na ukweli. Jikague kwa ncha mbili: chini kabisa mvutano ni wa mzigo peke yake, 196 N, na juu kabisa ni wa vyote, 26 × 9.8 = 255 N. Alama yako iko karibu na boriti kuliko na mzigo, kwa hiyo jibu lazima liwe karibu na 255 kuliko 196. Kati ya namba hizo mbili katikati ni 225.5. Jibu la 231 linapita, 220 linakataliwa.

## Pale ambapo mvutano ni "sawa kila mahali"

Wanafunzi hawakulibuni jibu lile la kwanza, la mvutano kuwa ule ule kila mahali. Wamefundishwa, na kwa haki, kwamba mvutano wa kamba ni sawa kutoka ncha hadi ncha. Kinachosahaulika ni neno moja katika sentensi hiyo: kamba *nyepesi*.

Chukua kamba ya katani ya milimita 12, yenye karibu kilo 0.1 kwa mita, inayoshusha ndoo ya kilo 20 kwenye kisima cha mita 5. Kamba yote ina kilo 0.5. Mvutano mkononi unazidi ule wa kwenye ndoo kwa asilimia 2.5 tu, na hakuna mizani ya shule itakayokuonyesha hilo vizuri. Hapo unaweza kuiita kamba nyepesi na kuendelea. Lakini kisima kile kile kikiwa cha mita 40, kamba ina kilo 4, na tofauti inafika asilimia 20. Kamba ni ile ile na ndoo ni ile ile, urefu ndio umebadilisha hukumu.

Basi kabla ya kuandika chochote, linganisha tungamo ya kamba yote na ya mzigo. Kamba ikiwa haifiki hata kilo moja kwa kila kilo 20 za mzigo, kuiacha kunakugharimu chini ya asilimia 5. Ikizidi hapo, au ikiwa hakuna mzigo kabisa, kamba yenyewe ndiyo mzigo.

Na kanuni hii ni ya kamba iliyotulia, au inayokwenda kwa mwendo usiobadilika. Ukiivuta kamba juu kwa kuongeza kasi, kila sehemu yake inabeba zaidi: weka 9.8 + a mahali pa 9.8, kwenye uzito wa mzigo na kwenye uzito wa kamba pia, *a* ikiwa ni mchapuko wa kwenda juu. Umbo la grafu halibadiliki, unabadilika ukali wake. Juu kabisa bado ndiko mvutano mkubwa kuliko kote, na kamba iliyo sawasawa ikizidiwa itakatika hapo inapokutana na boriti. Wakati wa kuikagua kamba kuukuu, anza kuangalia nyuzi za sehemu hiyo, ambako zaidi ya mvutano kuna kukunjwa na kusuguliwa na ukingo wa mbao.